Kuuza chakula cha kuku wa mayai uso kwa uso: hatua saba, kuanzia kumsaka mfugaji hadi kurudi bandani

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo ukianza, wanafunzi wa somo la usimamizi wa mauzo wananijia na maswali yale yale. Naanzia wapi? Nikifika nimwambie nini? Akisema bei kubwa, nafanyeje? Hatua saba za uuzaji binafsi wanazo kichwani: kutafuta wateja, kujiandaa, kumkaribia mteja, kuwasilisha, kujibu pingamizi, kufunga mauzo, kufuatilia. Ukimweka mlangoni kwa mfugaji, zote zinayeyuka.

Kwa hiyo nimechukua bidhaa moja niliyoiuza kwa miaka, chakula cha kuku wa kutaga cha mfuko wa kilo 50, na mteja mmoja wa kawaida, mama mwenye kuku 600 pembezoni mwa Dar es Salaam. Bei zote humu ni za mfano. Weka za eneo lako, hesabu haibadiliki.

Kabla hujatoka

Beba daftari lenye mistari, kalamu mbili, simu yenye kikokotoo, mzani mdogo wa kuning'iniza, orodha ya bei iliyopigwa muhuri na ofisi yako, na kilo moja ya sampuli kwenye mfuko unaoonyesha ndani. Orodha isiyo na muhuri itakuletea ubishi siku ya kupeleka mzigo.

Beba pia mabuti ya mpira, maji, brashi na dawa ya kuua vijidudu. Wanafunzi hucheka hapa. Muuzaji anayezunguka mabanda manne kwa siku na viatu vile vile anaweza kubeba kideri kutoka banda moja hadi jingine. Osha mabuti kabla ya kuingia kila mradi, anza na kuku wadogo umalizie na wakubwa, na usiingie bandani bila ruhusa ya mwenyewe. Ukisikia kuku wanakufa mahali, hapo piga simu tu, usiende.

Jifunze hesabu tatu mpaka uzifanye ukiwa umesimama. Kuku wa kisasa wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku. Trei moja ni mayai 30. Asilimia ya utagaji ni mayai ya siku moja gawanya kwa idadi ya kuku, zidisha kwa 100.

Hatua ya 1: Msake mfugaji, kisha umchuje

Kosa la kwanza la wageni ni kuzunguka mtaani wakisikiliza kuku wanalia wapi. Utachoka mapema na utaishia kwa watu wenye kuku kumi wa kienyeji. Njia bora ni kulifuata yai linakotoka. Simama karibu na duka la jumla la mayai au kwa muuza chipsi mayai, muulize mchuuzi anayeshusha trei kwa pikipiki: haya unayachukua wapi? Wachuuzi wanawajua wafugaji wote, na wanajua pia nani mayai yake yana ganda jepesi yanavunjika njiani. Taarifa hiyo ya pili ni dhahabu kwako.

Chanzo cha pili ni duka la dawa za mifugo na mawakala wa vifaranga. Hapa cheza na kalenda. Kuku wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Aliyechukua vifaranga 500 mwezi wa kwanza atahitaji chakula cha kutagia kuanzia mwezi wa tano. Mfugaji anayehama kutoka chakula cha kukuzia kwenda cha kutagia ni lazima anunue kitu kipya, na mlango wake uko wazi kuliko wa yule ambaye kuku wake wanataga vizuri tayari. Andika jina, idadi, na tarehe ambayo kuku watafikisha wiki 16. Ndiyo tarehe yako ya kwenda.

Ukishapata majina, yachuje. Kwa kila jina nataka majibu manne: ana kuku wangapi, wana umri gani, nani anashika pesa ya chakula, na sasa ananunua kwa fedha taslimu au kwa mali kauli. Umri ndio unaosahaulika zaidi. Kuku wa wiki 75 wako ukingoni, karibu watauzwa wakiwa wamechoka kutaga, na hakuna mfuko utakaowarudisha ujana. Ukimuuzia mtu huyo chakula cha bei ya juu, atakula hasara na atakutangaza kijiji kizima. Mwandike kwenye ukurasa wa kundi lijalo, uulize anaingiza vifaranga lini.

Mama wetu alipita mchujo: kuku 600, wiki 35, yeye mwenyewe ndiye mwamuzi, ananunua taslimu.

Hatua ya 2: Jiandae nyumbani

Robo saa inatosha. Piga hesabu kabla hujamwona: kuku 600 mara gramu 120 ni kilo 72 kwa siku, karibu mifuko 10 kwa wiki. Sasa unajua ukubwa wa mteja na gari gani litahitajika. Muulize mchuuzi anachukua trei ngapi kwake. Kwa mama huyu alisema 13 kwa siku, maana yake mayai 390, asilimia 65.

Hapo ndipo pa kusimama. Kuku wa kisasa hufika kileleni karibu na wiki 26 hadi 30, mara nyingi wakivuka asilimia 90, kisha hushuka polepole. Wiki 35 kwa asilimia 65 ni dalili ya tatizo. Inaweza kuwa chakula. Inaweza pia kuwa maji, mwanga, minyoo, au ugonjwa uliopita. Andika maswali yako kuhusu hayo yote, usiende na jibu mfukoni.

Hatua ya 3: Hodi

Fika saa 8 mchana. Asubuhi kuku wengi ndipo wanapotaga, mwenyewe yuko bandani anaokota, hana muda na wewe. Piga simu siku moja kabla. Ukifika, salamu kwanza, na salamu kamili: "Shikamoo mama. Za hapa? Kuku wanaendeleaje?" Usitaje kampuni mpaka ameuliza wewe ni nani. Kisha sema kwa sentensi moja nani kakuelekeza na umekuja kwa nini, na uombe dakika ishirini.

Usikabidhi kipeperushi mlangoni. Atakisoma, atakushukuru, na ziara itakuwa imeisha.

Hatua ya 4: Uliza, onyesha, pima

Kitabu kinaiita hatua hii uwasilishaji, na neno hilo limewaponza wengi. Mwanafunzi anafungua mfuko wa sampuli na kuanza kuhubiri protini asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Mama anatikisa kichwa kwa adabu huku akiwaza maharage yake jikoni.

Anza na mayai yake. Mwombe trei tatu za leo mzihesabu pamoja: mangapi yana ufa, mangapi ganda laini, mangapi madogo. Uliza kuku wanapata mwanga kwa saa ngapi, maana kuku wa kutaga wanataka saa 14 hadi 16. Uliza maji yanaletwa mara ngapi. Uliza nani anachanganya chakula na anapimaje.

Mama alisema anachanganyiwa mtaani, na chokaa inatiwa kwa koleo, "kwa macho". Kati ya mayai 90 tuliyokagua, 7 yalikuwa na ufa au ganda jepesi. Hapo ndipo unapofungua sampuli, kwa sababu sasa unaongea juu ya yai alilolishika. Ganda linatengenezwa kwa kalsiamu, chokaa ya kukadiria kwa macho leo inazidi, kesho inapungua. Mwambie hivyo, mwonyeshe punje za chokaa kwenye sampuli yako, halafu nyamaza.

Kisha toa mzani. Pima chakula anachomwaga kwa siku. Wafugaji wengi hupima kwa ndoo, na ndoo hudanganya. Ukikuta kila kuku anapata gramu 95 badala ya 120, huenda tatizo si chakula gani bali chakula kiasi gani, na ni lazima umwambie. Utapoteza mauzo ya siku hiyo, ndiyo. Kwa mama huyu mzani ulisema kilo 71, kwa hiyo kiasi kilikuwa sawa.

Hatua ya 5: Pingamizi

Nitakaa hapa zaidi, maana hapa ndipo wanafunzi wanapokimbilia kupunguza bei.

"Chakula chenu bei juu." Usijitetee. Uliza: ukilinganisha na kipi, mama? Alikuwa ananunua kwa shilingi 48,000 mfuko, sisi 56,000. Fungua daftari lake, si lako, na umwachie yeye aandike. Kwa sasa kilo 72 zinamgharimu shilingi 69,120 kwa siku. Akigawanya kwa trei 13, kila trei inakula chakula cha shilingi 5,317. Kwa chakula chetu, kilo 72 ni shilingi 80,640. Ongezeko ni shilingi 11,520 kwa siku, na usilifiche.

Sasa swali la kweli: anahitaji mayai mangapi zaidi ili asipate hasara? Akiuza trei kwa shilingi 7,500 shambani, yai moja ni shilingi 250. Gawanya 11,520 kwa 250, unapata mayai 46. Yaani utagaji upande kutoka 390 hadi karibu 436, sawa na asilimia 73. Chini ya hapo anapoteza. Ukifika asilimia 80, mayai 480, ana trei 16, na kila trei imekula shilingi 5,040. Trei tatu za ziada zinamletea 22,500, akitoa 11,520 anabaki na shilingi 10,980 kwa siku.

Tazama nilichofanya: nimempa namba ya kunihukumu nayo. Wakubwa wangu wa zamani hawakupenda, walitaka tuseme tu "mayai yataongezeka". Lakini mfugaji aliyepewa asilimia 73 kama mstari wa hasara anakuamini kuliko aliyeahidiwa miujiza, na bei haikushuka hata shilingi mia.

"Nina mtu wangu." Mara nyingi maana yake ni deni. Uliza taratibu kama anachukua kwa mali kauli. Kama anadaiwa, hawezi kuhama leo hata akitaka. Omba kumhudumia kundi jingine, au rudi deni likiisha.

"Ngoja niongee na mzee." Hili lilipaswa kujulikana kwenye mchujo. Usimwachie mama kazi ya kukuuzia kwa mumewe jioni, hesabu itapotea njiani. Omba siku ambayo wote wapo.

"Niliwahi kutumia cha kampuni, kuku wakagoma." Hii iheshimu. Muulize alibadilishaje. Wengi walibadilisha chakula ghafla, kuku wakapunguza kula, mayai yakashuka, na lawama ikaenda kwenye mfuko.

Hatua ya 6: Funga mauzo kwa jaribio

Usiombe mifuko 10 kwa wiki siku ya kwanza. Omba jaribio lenye mwisho. Tenga kuku 100 kwa wavu ndani ya banda lile lile, wapate maji na mwanga ule ule. Kwa siku saba kabla, hesabu mayai ya pande zote mbili kwa chakula cha zamani, ujue zinaanzia wapi. Bila wiki hiyo, jaribio halina maana.

Kisha badilisha polepole: siku ya 1 na 2 robo ya chakula kipya, ya 3 na 4 nusu, ya 5 na 6 robo tatu, ya 7 chote. Endelea hadi siku ya 21. Mlo huo unahitaji takriban kilo 216, kwa hiyo mifuko mitano inatosha na kinabaki kidogo. Hukumu itolewe kwa mayai ya wiki ya tatu, si ya kwanza.

Ainunue mifuko hiyo mitano. Najua kampuni nyingine hutoa bure, na mimi napinga. Chakula cha bure hupewa kuku wowote, hakihesabiwi, na mwisho wa jaribio hakuna aliyeandika kitu.

Maneno yenyewe ni mafupi: "Mama, mifuko mitano, nilete Alhamisi au Jumatatu?" Baada ya hapo funga mdomo. Nimeona wanafunzi wakijibu swali lao wenyewe kwa kuongeza punguzo ambalo hakuna aliyeomba. Akisema Jumatatu, andika kwenye hati ya kupokelea: idadi, bei, tarehe, nani atapokea. Mzigo ukifika, andika pia tarehe ya kutengenezwa iliyo kwenye mfuko.

Hatua ya 7: Rudi

Siku ya 2 piga simu: kuku wanakula? Siku ya 7 nenda, tazama mifuko imewekwa wapi. Ikiwa chini sakafuni au imeegemea ukuta wenye unyevu, ipandishe juu ya chaga pamoja naye, maana chakula kikiota ukungu kinaweza kuingia sumukuvu na wewe ndiye utakayelaumiwa. Siku ya 21 hesabuni mayai pamoja, na yeye ndiye aandike.

Kwa mama huyu, kuku 100 waliotengwa walianza na mayai 65 kwa siku. Wiki ya tatu wastani ulikuwa 76, wale wengine 500 walibaki asilimia 64. Ilivuka mstari wa 73, lakini haikufika 80. Nilimwambia hivyo hivyo: faida ipo, ni ndogo kuliko tuliyoiota. Kwa kuku wote 600 hiyo ni mayai 456, yaani 66 ya ziada, shilingi 16,500, na akitoa gharama iliyoongezeka anabaki na shilingi 4,980 kwa siku. Alihama.

Baada ya hapo, ufuatiliaji ni kalenda: mifuko 10 kwa wiki, kwa hiyo simu yako ifike siku moja kabla ya chakula kuisha. Siku chakula kikiisha bandani, atanunua chochote kilicho karibu, na kuku watabadilishiwa ghafla tena. Na mwezi wa pili, akiwa ameridhika, mwombe jina moja la jirani. Hilo linaingia kwenye ukurasa wa hatua ya 1.

Kwa ripoti yako ya chuo

Msimamizi hatafuti hadithi nzuri, anataka kuona wateja wanadondokea wapi. Tuseme uliandika majina 40, 22 ukawapata, 12 wakapita mchujo, 5 wakakubali jaribio, 3 wakahama. Anguko baya hapo liko wapi? Wengi hutaja 5 kwenda 3. Mimi naangalia 12 kwenda 5, maana hao walifaa, walikuona, na bado hawakuthubutu hata mifuko mitano. Tatizo liko hatua ya 4 na 5. Lakini kama 22 wangeshuka hadi 4 kwenye mchujo, ningesema orodha yako ilitoka mahali pabaya, na hakuna ufundi wa kuongea utakaoiponya.

Pakikwama

*Mayai yameshuka siku ya 4 ya jaribio.* Usikimbie, nenda. Uliza kama walifuata robo, nusu, robo tatu. Angalia maji kabla ya chakula: kuku hunywa takriban mara mbili ya uzito wa anachokula, zaidi kwenye joto, na maji yakikatika mchana mmoja tu utayaona mayai yakipungua. Ukiona kuku wanazubaa, wanakohoa au wanaharisha, simamisha mjadala wa mauzo na umwite mtaalamu wa mifugo.

*Pande zote mbili zimepanda.* Kuna kitu kingine kimebadilika, pengine taa au dawa ya minyoo. Usijitwalie sifa. Ongeza wiki moja, mlinganishe tofauti kati ya pande, si kupanda kwenyewe.

*Anasema "nitakupigia" na hapigi.* Hukumwachia tarehe. Kila ziara iishe na siku na saa ya kitu kinachofuata, hata kama ni simu tu.

*Amehama, kisha oda zimepungua kutoka mifuko 10 hadi 6.* Uliza kwanza kama ameuza kuku. Kama bado wapo, nenda na mzani, huenda anachanganya chakula chako na pumba ili kibane matumizi. Hesabuni tena gharama kwa kila trei, kwenye daftari lake.

*Anaomba mali kauli.* Wiki mbili za mifuko 10 kwa shilingi 56,000 ni shilingi 1,120,000 nje ya mfuko wa kampuni. Kubali tu kama ofisi ina utaratibu wake wa maandishi, na anza na mzigo wa wiki moja unaolipwa kabla ya unaofuata kushushwa. Ukimkopesha kwa jina lako ili ufikishe lengo la mwezi, deni ni lako, na siku mayai yakikosa soko utakuwa unabisha hodi kudai badala ya kuuza.